Mita nane za udongo laini wa pwani: uchambuzi wa kisa kimoja cha kuimarisha ardhi

Kisa hiki kilianza mezani kwetu Moshi, ingawa ardhi yenyewe iko upande wa Tanga, pembezoni mwa mkono wa bahari ambako zamani palikuwa na mikoko. Mteja ni mfanyabiashara wa hapa mjini aliyenunua eneo la mita 100 kwa 60 na kutaka yadi ya kuhifadhi mizigo mizito, yenye sakafu ya matofali ya zege na barabara za malori. Alitupa miezi tisa kutoka siku ya kuanza kazi. Mzigo wa bidhaa ulikadiriwa kuwa kilopaskali 25, na kifusi cha kuinua yadi pamoja na tabaka za sakafu kilileta kilopaskali 30 nyingine, hivyo ardhi ilipaswa kubeba jumla ya kilopaskali 55.

Mirija ya sampuli ilipofunguliwa tuliona jambo ambalo mhandisi aliyezoea miteremko ya Kilimanjaro hulikuta kwa nadra. Udongo wetu mwekundu wa volkano ukichimbwa husimama wima kama ukuta, na mtu hujenga mazoea ya kuuamini. Udongo wa mirija ile ulikuwa wa kijivu kilichoiva, wenye vipande vya kombe na mzizi mmoja wa mkoko, ukinuka kama yai viza, na ulipokamuliwa kiganjani ulitoka katikati ya vidole. Kipimo cha mabawa, ambacho huzungusha mabawa ya chuma ndani ya udongo hadi ukatike, kilifanywa uwandani na kutoa uimara wa kilopaskali 12 kwenye kina cha mita tatu, ukapanda polepole hadi 18 karibu na kitako cha tabaka. Ulipokorogwa na kupimwa tena ulibaki na kilopaskali 3 tu, maana yake ukivurugwa hupoteza robo tatu ya nguvu zake. Nambari hiyo ya mwisho inastahili kukumbukwa, kwa sababu kila njia ya kuimarisha ardhi huuvuruga udongo kwa kiasi fulani.

Tabaka zilikuwa rahisi kueleza. Juu kulikuwa na ganda kavu la mita moja, chini yake mita nane za udongo laini uliojaa maji, kisha mchanga mgumu. Maji ya ardhini yalikaa mita moja chini ya uso. Kutokana na vipimo vya kubana sampuli, tulikokotoa kwamba mzigo wa kilopaskali 55 ungeifanya yadi ititie kwa sentimita 74. Kutitia kwenyewe si msiba, ikiwa kunatokea kabla ya sakafu kuwekwa. Msiba ni muda. Udongo wa aina hii hubanika kwa kutoa maji, na maji hayo hupita katika matundu madogo mno. Kwa nadharia ya Terzaghi, muda unaohitajika hukua kwa mraba wa umbali ambao maji lazima yasafiri. Hapa maji yangetoka juu na chini, kwa hiyo safari ndefu zaidi ni mita nne, na kwa mwendo wa kubanika wa mita ya mraba moja kwa mwaka hesabu ni hii:

```
t90 = 0.848 x 4^2 / 1 = 13.6 miaka
```

Yaani asilimia 90 ya kutitia kungechukua zaidi ya miaka kumi na tatu. Yadi ambayo ingejengwa moja kwa moja ingeharibika kidogo kidogo katika kipindi chote hicho, tena bila usawa, kwa kuwa mizigo haipangwi sawasawa kila mahali.

Njia ya kwanza tuliyoipima ni ile kongwe kuliko zote: kurundika kifusi kingi kuliko mzigo wa kudumu, kusubiri, kisha kuondoa ziada. Mzee, mwenye eneo, aliipenda tangu mwanzo kwa sababu haihitaji mtambo wa kigeni. Tulikadiria rundo la mita 3.5, yaani takriban kilopaskali 66. Chini ya mzigo huo udongo ungetitia hatimaye kwa sentimita 84, na sisi tungehitaji ufikie sentimita 74 tu kabla ya kuondoa ziada, ambayo ni asilimia 88 ya safari. Lakini asilimia 88 kwa safari ya mita nne bado ni miaka kumi na miwili na zaidi. Hapa ndipo wengi hukosea. Mzigo wa ziada hupunguza asilimia unayotakiwa kuifikia, lakini haugusi umbali wa maji, na umbali ndio unaotawala. Kama tabaka lingekuwa na unene wa mita mbili, safari ingekuwa mita moja na muda ungepungua mara kumi na sita, na ningemshauri Mzee achukue njia hii bila kusita. Kwa mita nane, kurundika peke yake kulimaanisha kupoteza muda na mafuta ya tipa.

Njia ya pili haichukui nafasi ya ile ya kwanza bali huiwezesha. Mkanda wima wa kutoa maji ni utepe wa plastiki wenye mifereji, uliofunikwa kwa kitambaa cha kuchuja, upana wake ni sentimita kumi hivi na unene milimita chache. Mtambo huusukuma hadi chini ndani ya bomba la chuma, kisha bomba huvutwa na mkanda hubaki. Maji hayalazimiki tena kusafiri mita nne kwenda juu au chini. Huenda pembeni, nusu mita tu, hadi mkanda ulio jirani. Zaidi ya hayo, udongo uliotuama baharini kwa tabaka nyembamba hupitisha maji kwa ulalo vizuri kuliko kwa wima, na vipimo vyetu vilionyesha mwendo wa ulalo kuwa takriban mara mbili ya ule wa wima.

Tulikokotoa nafasi tatu kati ya mkanda na mkanda, kwa mpangilio wa pembetatu. Kwa nafasi ya mita 1.5, asilimia 88 ingefikiwa kwa miezi kumi na mitano. Kwa mita 1.2 ilikuwa miezi tisa na kidogo. Kwa mita moja ilikuwa miezi sita. Nambari hizo zimezingatia kwamba bomba la chuma linapopita huusugua udongo ulio kando yake na kuutengeneza kuwa utando mzito usiopitisha maji vizuri. Tulichukulia kwamba utando huo una kipenyo mara mbili ya kile cha mkanda na hupitisha maji mara tatu polepole zaidi. Ningeupuuza utando huo, nafasi ya mita 1.2 ingeonekana kutosha kwa zaidi kidogo ya miezi mitano na nusu, na tungeichagua kwa furaha. Udongo unaopoteza robo tatu ya nguvu ukivurugwa haumpi mhandisi ruhusa ya kuupuuza. Tukachagua mita moja, ambayo ilihitaji karibu mikanda 6,900 kwa eneo zima.

Njia ya tatu, nguzo za mawe, ndiyo iliyotuchukua mjadala mrefu zaidi. Mtambo unaotetemeka hushuka ardhini, mawe humiminwa na kushindiliwa, na nguzo yenye kipenyo cha karibu sentimita 80 husimama kutoka juu hadi kwenye mchanga mgumu. Mvuto wake ni kwamba hakuna kusubiri kwa miezi: nguzo hubeba sehemu ya mzigo mara moja, na pia hutoa maji kama mkanda mpana. Mzee aliposikia hivyo aliuliza swali la haki kabisa.

“Mhandisi, sasa mbona tusimalize yote kwa mawe? Mawe tunayo, Kilimanjaro nzima ni mawe.”

“Mzee, mawe ya hapa mengi yana matundu. Yakishindiliwa kwa mtambo ule yatavunjika na kuwa unga, na unga hautoi maji. Lakini hata tukipata mawe magumu ya huko huko Tanga, tatizo liko kwenye udongo unaoyazunguka.”

Jibu hilo linahitaji kufafanuliwa, kwa kuwa nguzo ya mawe si nguzo ya zege. Haina nguvu yake yenyewe. Husimama kwa sababu udongo ulio pembeni unaishika, kama gunia linavyoshika mahindi. Mzigo ukiwekwa juu, mawe husukuma nje, na nguzo huvimba katika sehemu yake ya juu, kwenye kina kinachofikia takriban mara nne ya kipenyo chake. Kwa nguzo yetu hiyo ni mita tatu za juu, mahali hasa ambapo udongo wetu ulikuwa dhaifu kuliko kwingine kote. Wahandisi wengi huanza kuwa na wasiwasi uimara wa udongo ukishuka chini ya kilopaskali 15, na sisi tulikuwa na 12. Mawe hupotelea ubavuni, kila nguzo hula mawe mengi kuliko yaliyokokotolewa, na mtu aliyesimama juu hawezi kujua kama nguzo imekamilika au imekatika katikati, isipokuwa kwa kusoma rekodi ya mawe yaliyotumika kwa kila mita ya kina.

Hata tukichukulia kwamba nguzo zote zimejengwa vizuri, faida haikuwa kubwa kama Mzee alivyodhani. Kwa nguzo zilizo umbali wa mita 1.6, mawe yangechukua chini kidogo ya robo ya eneo, na kwa kanuni ya Priebe kutitia kungepungua kwa mgawo wa takriban 2.4. Sentimita 74 zingekuwa 31. Bado ni kutitia kukubwa mno kwa sakafu ya matofali, kwa hiyo tungelazimika kurundika kifusi na kusubiri hata hivyo, ingawa kwa muda mfupi zaidi. Na kwa hayo tungehitaji nguzo 2,700, kila moja ikiwa na mita za ujazo nne na nusu za mawe, yaani zaidi ya mita za ujazo 12,000 za mawe magumu yaliyopondwa. Nguzo za mawe zina mahali pake. Ningezichagua chini ya ukingo wa tuta refu unaoweza kuteleza, au chini ya jengo dogo lisiloweza kusubiri, kwenye udongo wenye uimara wa kilopaskali 20 au 30. Yadi pana yenye mzigo uliotandazwa juu ya udongo dhaifu namna hii haikuwa mahali hapo.

Basi tukaamua: mikanda kwa nafasi ya mita moja pamoja na rundo la mita 3.5. Kulikuwa na mahali pamoja tusipoweza kurundika, nao ni mpaka wa mashariki, ambako ukuta wa jirani umesimama juu ya udongo ule ule. Rundo lingeuvuta ukuta huo chini pamoja na ardhi yake. Tuliacha ukanda wa mita kumi bila kuujengea yadi, tukaupangia mtaro na njia ya watembea kwa miguu.

Rundo halikuweza kupandishwa kwa mkupuo. Udongo wenye uimara wa kilopaskali 12 hushindwa kwa mzigo unaofikia takriban mara 5.14 ya uimara huo, yaani karibu 62, na ukigawa kwa kigezo cha usalama cha 1.3 unabaki na 47, ambayo ni mita mbili na nusu za kifusi. Tulipandisha mita mbili na kusimama kwa wiki kumi na moja. Katika muda huo udongo ulifikia asilimia 60 ya kubanika chini ya hatua ile ya kwanza, na kwa kila kilopaskali iliyohamia kutoka kwenye maji kwenda kwenye chembe za udongo, uimara uliongezeka kwa takriban 0.22. Hesabu ilitupa uimara mpya wa 17, na kipimo cha mabawa kilichorudiwa kilithibitisha hivyo kabla sijaruhusu mita moja na nusu iliyobaki. Mkandarasi alikuwa na tipa zimesimama na alisukuma sana tuendelee mapema. Sikukubali, na nisingekubali leo, kwa sababu rundo likiteleza mikanda yote iliyo chini yake hukatika na kazi huanza upya katika udongo uliovurugwa.

Jambo lingine lilileta ubishi wa malipo, na wenzangu wanaoandaa mikataba wanapaswa kulizingatia. Mita 3.5 ni unene wa kifusi, si kimo chake juu ya ardhi ya awali. Kifusi huzama pamoja na ardhi. Mkandarasi akipandisha hadi alama ya kimo na kuacha, mzigo ni sahihi siku hiyo. Lakini mkataba ukimtaka arudishe kimo kila kinaposhuka, atakuwa anaongeza mzigo wiki hadi wiki juu ya udongo ambao uthabiti wake ulikokotolewa kwa mzigo mdogo zaidi. Sisi tulipima unene kwa bomba la chuma lililosimama juu ya kila sahani ya kupimia kutitia, na malipo yakafuata unene huo.

Sasa nifike kwenye kosa lililotufundisha zaidi. Tulikuwa na sahani kumi na mbili za kupimia kutitia na piezomita sita, yaani vyombo vya kupima shinikizo la maji ndani ya udongo, zilizozikwa katikati ya mikanda, nyingi kwenye kina cha mita tano. Mwishoni mwa mwezi wa tano sahani nyingi zilisoma kati ya sentimita 60 na 64, kama hesabu ilivyotarajia. Kwenye kona ya kaskazini-mashariki sahani mbili zilisoma 45, na mchoro wake ulikuwa umelala karibu bapa. Kijana wetu wa ofisini alitumia njia ya Asaoka, ambayo huchukua vipimo vya vipindi vilivyo sawa, huchora kila kipimo dhidi ya kile kilichotangulia, na kuangalia pale mstari unapokutana na mstari wa nyuzi 45. Jibu lake kwa kona ile lilikuwa kutitia kwa mwisho kwa sentimita 48. Kwa maneno mengine, kona ilikuwa imemaliza asilimia 94 ya kazi. Msimamizi wa mkandarasi alifurahi na kuandika barua ya kuomba kuanza kuondoa kifusi upande huo, kwa hoja kwamba huenda udongo wa pale ni mwembamba zaidi.

Hoja hiyo ingeweza kuwa kweli kama tusingekuwa na piezomita. Mahali pengine shinikizo la ziada la maji lilikuwa limeshuka hadi kilopaskali 16 au 17. Kwenye kona ile lilisimama kwenye 30 na halikusogea kwa wiki tatu. Udongo uliomaliza kubanika hauna maji yenye shinikizo la namna hiyo. Ulikuwa haujamaliza. Ulikuwa umezuiwa. Njia ya Asaoka haikudanganya, kwani inachojua ni mwendo wa vipimo tu, na mwendo uliokufa kwa sababu maji yamekosa pa kutokea unafanana kabisa na mwendo uliokufa kwa sababu maji yamekwisha.

Tukachimba mtaro kwenye kitako cha rundo. Muundo ulikuwa na tabaka la mchanga safi la sentimita 50 chini ya kifusi, ambalo kazi yake ni kupokea maji kutoka vichwa vya mikanda na kuyapeleka kwenye mitaro ya pembeni. Katika mita sita za mwisho za kona ile, mchanga ulikuwa umegeuka kuwa uji mwekundu. Wakati wa mvua za mwanzo tipa zilikuwa zimetengenezewa njia ya kugeuzia pale pale kwenye mlango wa maji, kwa moramu yenye udongo mwingi, na magurudumu yaliikanyagia ndani ya mchanga hadi ikaziba. Mikanda ilikuwa mizima, lakini vichwa vyake vilikuwa ndani ya chungu kilichofunikwa.

Marekebisho yalikuwa ya kawaida. Tuliondoa mchanga ulioharibika, tukaweka bomba lenye matundu lililofungwa kwa kitambaa cha kuchuja na kuzungukwa na kokoto, tukachimba mashimo matatu ya kukusanyia maji na kuweka pampu. Siku ya kwanza mashimo yalijaa kuliko pampu ilivyoweza kutoa. Baada ya wiki tatu piezomita ilisoma 19 na sahani zikaanza kushuka tena. Kona ile ilifikia sentimita 74 wiki sita baada ya sehemu nyingine, ambazo zilihitaji miezi saba na nusu kwa jumla, na tukaingia mwezi wa tisa bila nafasi yoyote ya ziada.

Kabla ya kuruhusu kifusi kuondolewa nilitaka masharti mawili yatimie kwa kila sehemu, si moja: sahani isome sentimita 74 au zaidi, na shinikizo la ziada kwenye piezomita iliyo karibu liwe limeshuka hadi karibu kilopaskali 8, ambayo ndiyo thamani inayolingana na asilimia 88. Palipokuwa na shaka tuliacha kifusi kwa wiki mbili zaidi, kwa kuwa udongo wenye mabaki ya mizizi huendelea kujibana polepole hata maji yakiisha, na kila siku ya mzigo wa ziada hupunguza sehemu hiyo ya baadaye. Tulipoondoa mita 1.9 za juu, ardhi ilipanda kwa sentimita mbili kisha ikatulia. Moramu iliyoondolewa ilikwenda kwenye barabara ya kuingilia, mbali na mlango wowote wa maji.